Pembe ya Jua na Mwezi kwenye chati yangu: uzoefu wangu na ripoti ya kulipia

Nililipia ripoti ya mtandaoni inayosoma kitu kimoja tu: pembe kati ya Jua na Mwezi saa uliyozaliwa. Kwa wanajimu, Jua ni nia na Mwezi ni hisia, na pembe kati yao huonyesha kama viwili hivyo vinasikilizana.

Ripoti ya kwanza iliniambia Jua langu na Mwezi wangu havina uhusiano wowote. Nikashtuka kidogo, maana chati niliyowahi kuchorewa ilionyesha pembe mraba, yaani ile ya digrii 90. Kumbe fomu yao haikulazimishi kujaza mahali ulipozaliwa. Ukipaacha wazi, saa yako inahesabiwa kama ya Griniwichi. Mimi nilizaliwa penye saa 3 mbele. Mwezi huliacha Jua nyuma kwa takriban nusu digrii kila saa, kwa hiyo pembe yangu ilisogezwa digrii moja na nusu. Jua langu liko digrii 14 za nyota ya Ng'ombe na Mwezi digrii 21 za nyota ya Simba, nyota tatu mbele, na kila nyota ina digrii 30: tofauti ni 97. Wao walipata 98 na nusu, na kwa kuwa ukomo wao ni digrii 8 kila upande wa 90, nikawa nje.

Njia ya kuwakagua ni rahisi. Digrii 7 kupita 90 ni kama saa 14, kwa hiyo kalenda ya mwezi ilipaswa kuonyesha robo ya kwanza, yaani nusu mwezi inayotokea pembe ikifika 90, saa 14 hivi kabla sijazaliwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Ripoti iliyosahihishwa ilinigusa. Nia ya Ng'ombe inataka kazi ya taratibu isiyo na kelele. Moyo wa Simba unataka kuonekana. Kweli, huamua mwenyewe kukaa nyuma, halafu nanuna nisipotajwa. Lakini walichokosa ni kikubwa: hawakutofautisha mwezi unaokua na unaopungua. Mnajimu Dane Rudhyar aliona robo ya kwanza kuwa mgogoro wa kutenda, na ya mwisho kuwa mgogoro wa fahamu. Wao wana maandishi yaleyale kwa zote mbili, ingawa mtu wa robo ya kwanza husukumwa kutenda kabla hisia hazijatulia, na wa robo ya mwisho huanza kutilia shaka alichokwisha kujenga.

Na tusidanganyane: kwa ukomo huo, kila aliyezaliwa duniani ndani ya dirisha la saa 31 hivi ana pembe mraba kama yangu. Hakuna sayansi nyuma yake. Mimi naitumia kama maswali ya kujihoji.

Nyota tatu kati ya tano. Kama hujui saa yako ya kuzaliwa, usilipie: kwa siku moja pembe husogea digrii 12, na hiyo inatosha kukuingiza kwenye mraba au kukutoa kabisa.