Sare za shule Moshi: pima upindo kwanza, bei baadaye

Kila Januari akina mama huniletea sketi za mwaka jana, wanaomba niwashushie. Nikiigeuza ndani nje nakuta upindo wa sentimita 1, umekunjwa na kupigwa mshono basi. Hakuna cha kushusha. Mzazi dukani hukagua rangi, saizi na bei, lakini upindo haugusi, na ndio unaoamua kama sare itavaliwa mwaka mmoja au miwili.

Mtoto wa shule ya msingi hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni miguu. Upindo wa sentimita 7 unakuwezesha kushusha 5 na kubakiza 2 za kushonea. Pima kwa vidole vinne vya mtu mzima vikiwa pamoja: vikienea ndani ya pindo, chukua. Kwa kaptula na suruali, angalia pia mshono wa nyuma kiunoni, kuwe na kitambaa cha akiba cha kuachia mtoto akinenepa.

Chaguo la kwanza ni sare ya kushonewa, na nasema wazi napendelea za duka langu kwa sababu kila moja inatoka na upindo huo. Tuseme sketi ya rafuni ni shilingi 12,000 na ya kushonewa 16,000. Ya kwanza ikifa baada ya mwaka mmoja, kwa miaka miwili umetoa 24,000. Ya pili umetoa 16,000 tu, kwa sababu ukinunua kwangu msimu huu, mwakani nakushushia bure. Alama ya pindo la zamani ipanguse kwa maji yenye siki kidogo, kisha pasi ya moto juu ya kitambaa chepesi. Bluu iliyopauka juani haitarudi, hapo tunapitisha mistari miwili ya mshono juu yake.

La pili ni mtumba wa soko la Memorial. Mishono huwa imara, ila kupata bluu inayofanana na ya shule ni bahati. Sare za bei ya chini kabisa ziwe za dharura tu.

Kinachoniuma ni wauzaji wanaoandika "ofa" kwenye furushi la madaftari yenye kurasa chache. Hesabu kurasa kabla hujalipa. Kalamu chukua Bic, baadhi ya hizo nyingine wino hukauka zikiwa nusu. Na zipo shule zinazomlazimisha mzazi anunue sare kwao kwa bei isiyo na mjadala, halafu upindo ni uleule wa sentimita 1. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini sare bado ni mfuko wa mzazi.

Usingoje wiki ya kufungua, mafundi huelemewa na upindo ndio wa kwanza kupunjwa. Anza kudunduliza mwezi wa kumi na moja, na ukija njoo na sketi ya zamani nimpimie mtoto kwayo.