Minecraft kwa mtoto mwenye usonji: zima mvua, liache jua

Karibuni tena, jamani. Leo ninajibu swali linaloulizwa sana na wazazi hapa: mtoto wangu ana usonji, anapenda mambo yaende vilevile kila siku, akisikia mlio wa ghafla anaziba masikio na mchezo umekwisha. Nimnunulie gemu gani?

Nimechagua kuchambua Minecraft, na najua wengine mmeshashtuka. Gemu lenye mazimwi, radi na milipuko? Ndiyo, hilohilo. Likiwashwa jinsi lilivyotoka dukani silipendekezi kwa mtoto wa namna hii. Nimelichagua kwa sababu karibu kila kinachoshtua ndani yake kina swichi yake, na ukishazima unachotaka linabaki gemu la kupanga bloku mahali palepale, kwa sauti ileile. Gemu nyingi zinazouzwa kwa jina la "tulivu" hazikupi nafasi hiyo. Mara nyingi zinakupa mistari michache tu ya sauti, upunguze vingi kwa pamoja au uvumilie vyote.

Jambo moja kabla hatujagusa mipangilio. Ninachambua Java Edition, ile ya kompyuta, toleo la 1.20 la mwaka 2023. Ile ya simu, tableti na mashine za gemu inaitwa Bedrock, na kwa mtoto wetu naiweka nafasi ya pili. Kwenye tableti gemu hujisasisha lenyewe. Mtoto amelala jana ukurasa wa mwanzo uko hivi, leo ameamka vitufe vimehama na kuna tangazo la kitu kipya. Kwenye Java, ile programu ya kufungulia gemu ina sehemu inaitwa Installations. Unachagua toleo moja, unalihifadhi, na hata mwakani mtoto atafungua lilelile. Kwa mtoto anayependa utaratibu, mimi ningelinunua kwa sababu hiyo peke yake.

Haya, tutengeneze dunia. Mfano wangu ni mpwa wangu wa miaka minane. Anajenga nyumba moja, kila siku ileile, na adui yake mkubwa ni radi. Bofya Create New World. Game Mode weka Creative, Difficulty weka Peaceful, Allow Cheats iwe ON. Peaceful inaondoa mazimwi, na Creative inaondoa kuumia na kufa. Kisha nenda kichupo cha World, chagua Superflat, na Generate Structures iwe OFF. Hapo unapata uwanda wa nyasi, bapa hadi upeo wa macho, hauna mapango wala mashimo ya kutumbukia. Mtu mwingine ataona unachosha. Mpwa wangu aliuona akatabasamu.

Mkishaingia, bonyeza T, uandike amri hizi moja moja:

```
/weather clear
/gamerule doWeatherCycle false
/gamerule doTraderSpawning false
```

Ya kwanza inasafisha anga, ya pili inazuia hali ya hewa isibadilike tena. Ya tatu inamhusu mchuuzi mmoja anayezuka bila hodi akiwa na lama, wanyama wa jamii ya ngamia. Wazazi wengi wanamsahau, kwa sababu hata Peaceful haimwondoi. Yeye si adui. Lakini kwa mtoto aliyezoea uwanda wake mtupu, mgeni wa ghafla ni mgeni wa ghafla. Ukitumia toleo jipya zaidi unaweza kukuta majina ya kanuni hizi yameandikwa tofauti. Andika /gamerule kisha nafasi, orodha itajitokeza uchague.

Sasa mtaniuliza, mbona hujazima usiku? Ipo amri ya kulisimamisha jua, na wengi wanaoeleza mipangilio hii wanaiweka. Mimi nasema msiiweke, angalau si kwa haraka. Mvua ndani ya Minecraft huja kwa bahati nasibu, huwezi kujua itanyesha lini. Jua halina bahati nasibu. Siku nzima ya gemu ni dakika 20, na mchana peke yake ni kama 10. Linapanda upande uleule na kuzama upande uleule, taratibu, mtoto akiliona. Watoto wengi wa namna hii hawasumbuliwi na mabadiliko yanayotokea kwa mpangilio. Kinachowasumbua ni yale yasiyotangulizwa na dalili yoyote. Kwa hiyo jua tunalitumia kama saa: mtoto akiketi unaandika /time set 0, asubuhi inaanza, na mnakubaliana kwamba jua likizama tunahifadhi na kufunga. Anayemwambia muda umekwisha ni anga, na ameliona likibadilika rangi. Akienda chooni bonyeza Esc, na kama anacheza peke yake saa ya gemu inasimama pia. Ila kama mtoto wako anaogopa giza lenyewe, hapo lisimamishe jua bila kujiuliza mara mbili, wakati bado ni mchana ndani ya gemu: /gamerule doDaylightCycle false.

Tuje kwenye sauti, na hapa nitakaa kidogo. Fungua Options, kisha Music & Sounds. Utaona mistari mingi ya kuburuta, kila aina ya sauti na wake. Ushauri wangu ni kushusha yote hadi OFF, ubakize Master Volume chini ya nusu na Blocks peke yake. Blocks ni sauti ya kuweka na kuvunja bloku. Ukiweka ubao inagonga kimbao, ukiweka sufu inatoa mlio mzito laini. Sikilizeni, naweka sufu hapa... na tena... na tena. Hiyo sauti inatoka pale tu mkono wake unapobonyeza. Mpwa wangu anayeziba masikio kwa blenda ya mtu mwingine anaweza kugonga bloku nusu saa bila shida, kwa sababu kila mlio anauanzisha mwenyewe.

Muziki je? Muziki wa Minecraft ni mzuri, wa kinanda, mpole. Tatizo lake ni kwamba unanyamaza dakika nyingi halafu unaanza tu katikati ya kimya. Uzime. Mkitaka muziki, cheza mwenyewe pembeni, wimbo anaoujua.

Kisha kuna Ambient/Environment. Humo ndimo zimo zile sauti za pangoni, mngurumo wa chini unaotokea bila chanzo chochote kwenye skrini. Utasema, sisi tuko kwenye uwanda, hatuna mapango. Gemu halitafuti pango, linapima giza. Mtoto akijenga nyumba kubwa, akaweka paa, hakuweka taa ndani, akakaa humo, ule mngurumo unaweza kumtokea ndani ya nyumba yake mwenyewe, mahali alipopaona salama kuliko pote. Kwa hiyo mstari huo uwe OFF, na mweke mwenge ndani kabla hajafunga paa.

Na mtoto akishtuka hata baada ya yote haya, utajuaje ni nini? Kwenye ukurasa huohuo washa Show Subtitles. Kila sauti inayotoka inaandikwa jina lake pembeni mwa skrini, na kishale kinaonyesha imetoka upande gani. Maandishi hayatangulii sauti, kwa hiyo usiyategemee kumwandaa mtoto. Yanakusaidia wewe mzazi. Cheza peke yako jioni mtoto akiwa amelala, na kila kinachokuudhi soma jina lake, kisha rudi ukazime mstari wake. Ni kazi ya jioni moja, msiiruke.

Kuna sauti ambazo mistari haitawasaidia, kwa sababu zimo humohumo kwenye Blocks. Kioo kikivunjwa kinatoa mlio mkali. Fuawe ikianguka ni mbaya zaidi. TNT ikiwashwa, nadhani sina haja ya kueleza. Na kwenye Creative vitu vyote hivyo vimo ghalani, mtoto anaweza kuvichukua. Ninachofanya ni kumpangia bloku tisa kwenye ule mstari wa visanduku ulio chini ya skrini: mbao, sufu za rangi tatu anazozipenda, mlango, mwenge, na kadhalika. Nikishapanga nashika C na kubonyeza 1, mpangilio unahifadhiwa. Kesho, X na 1, bloku zilezile zinarudi kwa mfuatano uleule. Akivuruga mstari, anaurudisha mwenyewe. Ghala linabaki wazi, hilo sitawaficha, kwa hiyo mtoto anayependa kupekua atafika kwenye TNT. Habari njema ni kwamba TNT ikiwekwa tu hailipuki. Mpaka iguswe na moto au umeme wa gemu.

Kasoro kubwa, na hii ndiyo imenifanya nisiipe alama zote. Kwenye Creative bonyezo moja linavunja bloku papo hapo, na hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Mtoto akikosea kidole, dirisha la nyumba yake limekwenda. Kwa mtoto mwingine ni kitu kidogo. Kwa mtoto anayehesabu kila bloku, inaweza kuwa mwisho wa siku. Dawa yake ni nakala. Kwenye orodha ya dunia chagua dunia yake, bofya Edit, kisha Make Backup, kila baada ya kikao. Haiokoi dirisha la sasa hivi, lakini nyumba ya jana ipo.

Kucheza na wengine mtandaoni? Kwa mwanzo, hapana. Ipo seva ya Autcraft, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Stuart Duncan, baba wa Kanada, kwa ajili ya watu wenye usonji na familia zao, na huingii mpaka uombe na ukubaliwe. Ni ya kuijua. Ila watu wengine, hata wakiwa wapole namna gani, hawana mstari wa kuburuta.

Ikiwa hayo yote yamekuchosha hata kuyasikia, tazama Townscaper ya Oskar Stålberg, iliyokamilika mwaka 2021. Hakuna saa, hakuna adui, hakuna kushindwa. Unagusa maji, kiwanja kinatokea, unagusa tena, nyumba inaota, unachagua rangi. Na pale kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Kuna jambo moja la kumwandaa mtoto: umbo la nyumba linachaguliwa na gemu kufuatana na nyumba zilizo jirani, si na mtoto. Ukizungushia nyumba eneo wazi, katikati panaweza kugeuka bustani. Ni kanuni, hairuki, lakini mara ya kwanza inaonekana kama gemu limemharibia. Mwonyeshe wewe kwanza, mara kadhaa, mpaka aseme yeye kitakachotokea.

Mtoto anayetaka bloku ibaki jinsi alivyoiweka, mpe Minecraft. Anayependa kutazama kitu kikijipanga, mpe Townscaper. Na kabla ya gemu lolote, nyamazisha arifa za kompyuta yenyewe, kwa sababu ule mlio wa barua pepe hauko kwenye Music & Sounds.