Stika ya waifai: uandike nywila au kiungo?

Stika ya NFC aina ya NTAG213, ile inayosomwa kwa kuigusa na simu, ina nafasi ya baiti 144, na jina la mtandao kama "Wageni" pamoja na nywila ya herufi 12 vinaenea bila shida. Swali ni uandike nini ndani.

Rekodi ya waifai, yaani jina la mtandao na nywila vinavyoandikwa kwa programu kama NFC Tools, ndiyo rahisi kwa mwenye Android: anagusa, anathibitisha, ameunganishwa. Skrini iwe imewaka na kufunguliwa tu. Tatizo ni aifoni. Yenyewe haiifanyii kazi rekodi hiyo, kwa hiyo mgeni anagusa na hakuna kinachotokea, naye anadhani stika imekufa.

Kiungo cha ukurasa wenye nywila hufunguka kwenye Android na pia kwenye aifoni kuanzia XS. Lakini mgeni asiye na bando hawezi kuufungua ukurasa huo, na ndiye hasa anayeihitaji waifai! Hata ukifunguka, bado atanakili nywila mwenyewe.

Mimi huchagua rekodi ya waifai, kisha pembeni nabandika msimbo wa QR wa mtandao uleule kwa wenye aifoni. Nywila iwe ya mtandao wa wageni pekee, kwani yeyote anayegusa stika anaweza kuisoma.