Linki ya malipo kwa muuza madera: uzoefu wangu na Paystack

Nauza madera Mombasa, wateja wangu wengi wakiwa WhatsApp na Instagram. Zamani nilikuwa natoa namba ya Lipa na M-Pesa, kisha naanza kazi ya kuoanisha: hii 2,400 ni ya nani, anataka saizi gani, apelekewe wapi? Siku moja mteja alinitumia skrinshoti ya malipo, nikafunga mzigo, na jioni nilipohesabu nikaona pesa haikuingia kamwe. Ndipo nikahamia kwenye linki ya malipo ya Paystack, kampuni inayowapokelea wafanyabiashara malipo mtandaoni.

Linki ya malipo ni anwani ya mtandaoni inayofungua ukurasa mmoja tu wa kulipia. Huhitaji tovuti yako. Mteja anaibonyeza, anaona jina la bidhaa na bei, anachagua M-Pesa au kadi, analipa. Akichagua M-Pesa anaandika namba yake, ujumbe wa kuweka PIN unajitokeza kwenye simu yake, na PIN anaiweka hapo hapo kwenye simu. Wateja wangu wazee huogopa sana hapa, kwa hiyo nawaambia mapema: hakuna mahali kwenye ukurasa pa kuandika PIN ya M-Pesa, na atakayekuomba uiandike pengine ni tapeli.

Kutengeneza ni kazi ya dakika chache. Kwenye dashibodi ya Paystack unafungua `Payment Pages`, unaanza ukurasa mpya na kuchagua malipo ya mara moja. Mimi niliandika "Dera la bluu, pamba, na mtandio wake", nikaweka picha, kisha nikafunga bei kuwa shilingi 2,400. Hapo kwenye bei pana umuhimu wake. Usipoifunga, mteja anajaza kiasi mwenyewe, na wangu mmoja alijaza 2,000 akidhani bado tunapatana. Sehemu ya mwisho ya anwani unaweza kuiandika mwenyewe. Yangu ni `dera-bluu-2400`, ili hata kwenye simu yangu nisichanganye linki.

Kilichonifaa zaidi ni visanduku vya ziada. Niliongeza viwili: saizi, na mahali pa kupeleka. Sasa kila malipo yanakuja yameshika maelezo yake, "XL, Nairobi, mzigo wa basi", na lile swali la nani kalipia nini limekwisha.

Kabla ya kusambaza, hakikisha akaunti imetoka kwenye `Test Mode`. Linki ya majaribio inafunguka vizuri kama ile ya kweli, lakini pesa halisi haipiti. Ili kupokea malipo ya kweli unatakiwa kwanza kukamilisha taarifa za biashara na akaunti ya kupokelea pesa. Mimi hujilipa kwanza mwenyewe kwa ukurasa wa bei ndogo, nione pesa imefika, ndipo natuma.

Kwenye kutuma, linki peke yake haibonyezwi. Mtu akiniandikia "dada, lile la bluu lipo?", namjibu lipo, namtajia bei na siku ya kulituma, kisha linki chini yake. Kwenye Instagram naiweka kwenye wasifu, maana ukiiandika kwenye maelezo ya picha haibonyezeki.

Nilimuuzia binti wa Nairobi dera ambalo shangazi yake aliye Maskati ndiye aliyelilipia, kwa kadi. Binti alimtumia linki ile ile. Kwa kadi ya nje nakatwa asilimia 3.8, kwa M-Pesa asilimia 1.5. Katika 2,400, M-Pesa inaondoka na shilingi 36, kadi ya nje shilingi 91 na senti 20. Pitia makato ya Paystack kabla hujapanga bei yako, maana viwango hubadilika.

Jambo la kujua ni kwamba ukurasa unataka barua pepe, na risiti huenda huko. Mteja akikosea herufi moja haioni risiti, ananipigia ana wasiwasi. Sibishani naye, wala siangalii skrinshoti yake; nafungua orodha ya malipo. Ikiwa `Success`, nafunga mzigo. Ikiwa `Abandoned`, alifungua ukurasa bila kumaliza kulipa. Akisema pesa imekatwa, namwomba namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wake wa M-Pesa tufuatilie.

Tena linki haijui kabatini kumebaki nini. Dera la mwisho lililipiwa na watu wawili usiku mmoja, ikabidi nimrudishie mmoja pesa yake. Tangu hapo vitu vya kuhesabika naviingiza kama `Products`, ambapo naandika idadi iliyopo. Kurasa za vitu vingine nazizima mwenyewe nikimaliza mzigo, kabla sijafuta picha kwenye stetasi, kwa sababu linki iliyokwisha kutumwa hubaki kwenye simu za watu hata picha ikitoweka.