Uzoefu wangu: kuondoa ukumbi uliojaa watu kwenye picha za harusi na kuweka bustani

Huduma niliyolipia ni mpiga picha wa harusi hapa Dar kuondoa ukumbi nyuma yetu na kuweka bustani. Bei ilikuwa shilingi 40,000 kwa picha, uchapaji haumo. Nilimpa picha tatu. Mbili zimetoka vizuri na zinafaa kukaa ukutani, ya tatu aliirudisha akasema haifai kuguswa, na alikuwa sahihi. Nampa nyota nne kati ya tano.

Kazi hii inategemea sana maelekezo unayompa fundi. Ukimwambia tu "niwekee bustani", atachukua bustani yoyote ya mtandaoni yenye nyasi za kung'aa na jua la saa sita, akubandike mbele yake, na mtaonekana kama mmesimama mbele ya kalenda ya ukutani. Kwa hiyo naiweka hapa barua niliyomtumia, halafu nieleze kwa nini kila ombi limo.

"Kaka, habari za kazi, na pole na msimu wa harusi. Picha za ukumbini tumezipata, sura zetu zimetoka vizuri sana. Tatizo ni nyuma yetu. Kwenye IMG_2214 kuna foleni ya chakula, mhudumu kabeba kreti la soda, na shangazi kainua simu anarekodi. Naomba kwenye picha hiyo na IMG_2231 ukumbi wote uondoke, iwekwe bustani. Ile ya kucheza, IMG_2307, itazame kwanza uniambie kama inawezekana kabla hujaanza.

Tafadhali fanyia kazi faili za RAW, siyo zile JPEG ulizotutumia kwa WhatsApp.

Bustani naomba uipige mwenyewe hapa hapa mjini. Bustani ya Mimea pale jirani na Makumbusho ya Taifa inatosha. Nenda kuanzia saa 10:30 jioni, usipige jua likiwa utosini. Nyuma pawe na miti yenye kivuli kizito, si anga wala nyasi zinazowaka. Soma kwenye faili ulitumia lenzi gani na tundu la lenzi lilikuwa ngapi, upige bustani vivyo hivyo, na kamera iwe kwenye kimo kile kile.

Shela lipitishe mwanga, majani yaonekane kwa mbali nyuma yake. Ile zambarau ya taa za ukumbi kwenye bega langu la kushoto na ukingoni mwa gauni iondoke. Picha ikatwe usawa wa magoti, miguu isionekane. Ngozi zetu ziache zilivyo, usitung'arishe wala usitupunguze unene.

Nitumie moja kwanza ya kuangalia, kama dokumenti. Na zile za asili uzitunze, maana shangazi ataitafuta yake. Asante kaka."

Nianze na shela, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za aina hii zinapofia. Shela ni kitambaa cha kupitisha mwanga, hivyo ndani yake mna ukumbi: taa, vichwa vya watu, mapambo. Fundi akilikata lote kama kitu kizito, vipande vya ukumbi vinabaki vikining'inia kichwani kwako katikati ya bustani. Akilifuta ili bustani ipite, nyuzi za kitambaa zinaondoka nazo na unabaki na ukingo wa lesi unaoelea hewani.

Njia aliyotumia ni kulitoa shela kwenye tabaka lake peke yake na kuliweka kwenye hali ya `Screen` katika Photoshop. Hali hiyo huacha sehemu za giza zipotee na sehemu nyeupe zibaki. Ukumbi nyuma ya shela ulikuwa na giza, kwa hiyo giza likaondoka, nyuzi na lesi zikabaki, na majani yakapita katikati yake. Lakini ujanja huo unataka bustani yenye giza pia. Ukiweka nyuma anga jeupe au nyasi za kung'aa, weupe wa shela unazama kwenye weupe mwingine na shela halionekani kabisa. Ndiyo maana ya ile miti ya kivuli kizito kwenye barua. Nilikuwa nimezisoma picha za maharusi wengine wengi waliofanyiwa kazi hii, na karibu kila iliyoharibika ilikuwa na anga nyuma ya kichwa cha bibi harusi.

Suti nyeusi ya bwana harusi ina ugumu wa kinyume chake. Nyeusi mbele ya ukumbi wenye giza haina ukingo. Programu ikiachiwa ijichagulie yenyewe, inakula kipande cha bega au inabeba kipande cha pazia. Hapo RAW, yaani faili ghafi kutoka kwenye kamera, inasaidia, kwa sababu unaweza kupandisha mwanga wa sehemu za giza kwa muda mpaka mstari wa bega uonekane, ukaufuata kwa mkono, halafu ukaushusha tena. JPEG iliyopita WhatsApp imeshabanwa, na ukiipandisha mwanga unapata madoadoa ya mraba badala ya bega.

Rangi ya taa nayo ni kesi. Siku hizi kumbi zetu nyingi zina zile taa za kubadilika rangi, zambarau, bluu, waridi. Flashi ya mpiga picha inasafisha mbele tu, usoni na kifuani. Mabegani na pembeni mwa gauni zambarau inabaki, na bustanini hakuna kitu cha zambarau cha kuielezea. Kwenye gauni jeupe inatoka kirahisi kwa kupunguza ukali wa rangi hiyo pekee. Kwenye ngozi ni shughuli: ukiiondoa kupita kiasi, ngozi inabaki ya kijivu. Kama taa imepiga uso wenyewe na flashi haikufika, chagua picha nyingine, usimlaumu fundi.

Sasa kimo cha kamera, jambo ambalo watu hawaliulizi. Ule umati mliotaka kuuondoa ndio unaowapa kipimo, kwa hiyo utumieni kabla haujafutwa. Sakafu ikiwa sawa, watu waliosimama wa kimo kinachokaribiana, wa karibu na wa mbali, wote mstari wa kamera unawapitia mahali pamoja mwilini. Kwenye IMG_2214, ukinyoosha mstari wa mlalo, unampita mhudumu kifuani, na watu wa foleni kule nyuma pia kifuani. Basi kamera ilikuwa usawa wa kifua, na bustani lazima ipigwe kifuani, upeo wake, yaani mstari ambapo ardhi na anga hukutana, ukatie kwenye vifua vyetu. Bustani iliyopigwa mtu akiwa amechuchumaa ina upeo wa chini. Mkiwekwa pale mnaonekana majitu. Iliyopigwa kutoka juu ya ngazi inawafanya muonekane mnateleza kuja mbele.

Suala la saa 10:30 jioni ni hili: flashi ilitupiga kutoka mbele, kwa hiyo nyuso hazina vivuli virefu. Jua la mchana la Dar linashuka wima na kuweka vivuli vyeusi chini ya kila jani. Mtu yeyote, hata asiyejua picha, ataona kuna kitu hakikai sawa japo hawezi kukitaja. Mwanga wa jioni au wa kivulini ni laini na unapatana na flashi. Ukienda na kamera kubwa bustanini, uliza utaratibu getini kwanza.

Kukata magotini ni kukwepa vita visivyo na faida. Chini tulikuwa kwenye marumaru, na gauni linajionyesha humo kama kwenye kioo. Kuondoa taswira hiyo, kutengeneza kivuli cha gauni juu ya nyasi, na kupitisha majani mbele ya pindo lake ni kazi kuliko sehemu zote zilizobaki, na bado ndiyo inayogunduliwa kwanza.

Picha ya majaribio ilipokuja niliikuza kwenye kompyuta mpaka asilimia 100, si kwenye simu. Nilitafuta matundu: nafasi kati ya kiwiko na kiuno, ndani ya hereni za duara, katikati ya vidole vilivyoshika ua. Kwenye kiwiko cha bwana harusi kulikuwa na kipande cha ukumbi kimesahaulika, kitambaa cha meza cha dhahabu kabisa. Miwani yake ilikuwa inaakisi taa za ukumbi, mstari wa nukta za waridi, nazo zikafutwa. Kingine ni chembechembe: sisi tulipigwa kwenye mwanga hafifu, ISO 3200, tuna chembe, wakati bustani ilikuwa safi kama kioo. Nikamwomba aongeze chembe kidogo kwenye bustani. Ombi hilo lilimshangaza kidogo, maana wateja huwa wanaomba ziondolewe, ila baada ya hapo sisi na miti tukawa picha moja.

Ile ya kucheza ilikataliwa kwa sababu watu hawakuwa nyuma yetu tu. Mikono ya wanaotuza ilipita mbele ya gauni, na noti zimefunika nusu ya kiuno. Ukiwaondoa hao, chini yake hakuna gauni lililopigwa, itabidi libuniwe. Halafu mtu anayetunzwa pesa peke yake bustanini anachekesha.

Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya rangi ya kuchapia. Miti ya kivuli iliyopendeza kwenye kioo cha kompyuta ilitoka nyeusi tii kwenye karatasi, majani hayaonekani, kwa sababu kioo kina mwanga wake na karatasi haina. Hilo alipaswa kulijua. Ilibidi kijani kipandishwe kidogo kwa ajili ya nakala ya kuchapa tu. Omba nakala hiyo mapema, na chapa kwanza saizi ya 4R ambayo ni rahisi kabla ya kulipia kubwa. Kwa ukubwa wa A3, kamera ya megapikseli 24 inatosha hata baada ya kukata magotini: upande mrefu unabaki na pikseli kama 4,500, ambazo ni takriban nukta 270 kwa inchi. Haifiki 300 wanayoitaja wachapaji, lakini kwa picha ya kutazamwa ukiwa umekaa kwenye kochi hutaona tofauti.