Miezi minane na Syncthing: laptopu tatu, daftari moja la madeni

Duka letu lina laptopu tatu: yangu nyumbani, ya dada dukani, na moja ya stoo. Folda ya Duka iko kwenye zote tatu, na programu ya Syncthing huisawazisha moja kwa moja bila kuihifadhi kwenye seva ya mtu. Ubaya wake ni kwamba laptopu mbili lazima ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana ya stoo haizimwi.

Machi 14 mtandao wa dukani ulikatika kutwa. Saa nne asubuhi niliandika malipo kwenye `madeni.ods`, na saa nane dada akaandika deni jipya kwenye nakala yake. Jioni mtandao uliporudi akanipigia.

"Kaka, lile deni la laki mbili umelifuta?"

"Sijagusa kitu."

Deni lilikuwepo, ila kwenye faili hili:

```
madeni.sync-conflict-20250314-190412-K7QXM2A.ods
```

Nilishangaa, maana yeye ndiye aliyeandika mwisho. Kumbe faili likibadilishwa pande mbili, Syncthing huliachia jina la asili lile lenye tarehe mpya ya kuhifadhiwa, na lenye tarehe ya zamani ndilo hugeuzwa nakala ya mgongano. Betri ndogo ya saa kwenye laptopu ya dada imekufa, hivyo ikiwashwa bila mtandao inarudi 2019. Kazi yake ya mchana ikaonekana ya miaka sita nyuma!

Tarehe iliyomo kwenye jina nayo inapotosha ukiisoma haraka. Ile ni saa mgongano ulipogunduliwa, 19:04, wala si saa aliyoandika. Herufi saba za mwisho ndizo za maana: ni mwanzo wa kitambulisho cha laptopu iliyoandika nakala hiyo. Ningependa pangekaa jina la laptopu, "dukani" basi, lakini nimebandika karatasi yenye herufi hizo kwenye kila mashine. Jina la asili kubaki mbele nimelipenda, kwa sababu nakala inakaa jirani na faili lake.

Siku hizi kila Jumamosi natafuta hivi:

```
find ~/Duka -name '*sync-conflict*'
```

Anayekagua ni yule ambaye herufi zake zimo kwenye jina, kwa kuwa anajua alichoandika. Dada alifungua yote mawili, akahamishia mstari wake mmoja kwenye `madeni.ods`, akahifadhi, ndipo akafuta nakala. Ukiifuta kwako inafutika na kwa wengine, kwa hiyo usifute ya mwenzio kwa kudhani ni takataka. Wala usisubiri mno: kwa kawaida faili moja hutunziwa nakala kumi, na ikizidi hapo ya zamani huondolewa. Kuna wanaoweka kikomo hicho, `maxConflicts`, kuwa 0 ili folda ipendeze, na hapo upande ulioshindwa haupati nakala kabisa.

Betri ya saa tumeshanunua. Bado fundi kuifungua laptopu.