Uzoefu wangu na kisanduku cha metali na mimumunyo: majaribio ni mazuri, kijitabu cha maswali kinahitaji kusahihishwa

Kisanduku hiki kinauzwa kwa walimu wa sekondari na wazazi wanaofundisha nyumbani. Ndani yake kuna sahani ya plastiki yenye vishimo 24, dropa nne, karatasi ya msasa, vipande vya magnesiamu, zinki, chuma na shaba, na chupa nne ndogo za mimumunyo: salfeti ya magnesiamu, salfeti ya zinki, salfeti ya chuma (II) na salfeti ya shaba. Pamoja navyo kuna kijitabu cha maswali cha Kiswahili, ambacho kinamtaka mwanafunzi atabiri kwanza kama metali itaiondoa nyingine kwenye chumvi yake, ajaribu, kisha aandike mlinganyo wa maneno. Nimekitumia kufundishia kidato cha pili na cha tatu.

Kinachofanya kazi vizuri ni ule mpangilio wa nne kwa nne. Kila safu ya vishimo inapewa mmumunyo mmoja, matone kama 10 kwa kishimo, na kila metali inawekwa kwenye kila mmumunyo. Metali ndani ya chumvi yake yenyewe haina cha kuonyesha, kwa hiyo yanabaki majaribio 12. Kati ya hayo, 6 yanapaswa kuonyesha mabadiliko. Magnesiamu huondoa metali zote tatu, zinki huondoa mbili, chuma huondoa shaba peke yake, na shaba haiondoi kitu. Mwanafunzi akihesabu 3, 2, 1, 0 anakuwa ameipata orodha ya ukali kwa mikono yake, bila kuikariri kwanza. Kwa hili peke yake kisanduku kinastahili bei yake.

Sasa matatizo. La kwanza ni chuma. Kifurushi nilichopata kilikuwa na misumari ya kupigilia mabati, na misumari hiyo imepakwa zinki. Ukiitumbukiza kwenye salfeti ya shaba utaona utando wa kahawia na utaridhika, kumbe inayofanya kazi ni zinki ya juu. Udanganyifu unajitokeza kwenye kishimo cha salfeti ya chuma, ambako msumari unaanza kuwa mweusi taratibu ingawa chuma ndani ya salfeti ya chuma hakipaswi kufanya lolote. Tumia misumari ya kawaida ya mbao, ile inayoshika kutu ikilala nje usiku, na uisugue kwa msasa mpaka ing'ae. Msasa huo huo uipitie magnesiamu, maana utepe uliokaa hewani unakuwa na ngozi ya kijivu ya oksaidi inayochelewesha kila kitu. Ukiishiwa waya wa shaba, usichukue ule wa kusukia mota, kwa kuwa una vanishi na mmumunyo haugusi shaba kabisa.

La pili ni mmumunyo wa salfeti ya chuma. Unapaswa kuwa wa kijani hafifu. Ukikaa wiki chache katika chupa inayofunguliwa mara kwa mara, oksijeni inaugeuza kuwa wa manjano, kisha kahawia, na unaanza kuweka masimbi. Hapo wanafunzi wanaona kahawia kwenye kishimo chenye shaba na kuandika kwamba shaba imeondoa chuma. Dawa ni kuacha kishimo kimoja cha kila mmumunyo bila metali yoyote, ili kuwe na kitu cha kulinganisha. Kijitabu hakisemi hivyo mahali popote, na vishimo 8 vinavyobaki vinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mmumunyo mpya unautengeneza mwenyewe: gramu 2.8 za fuwele za kijani katika maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka ujazo ufike mililita 100. Wa shaba ni gramu 2.5 za mrututu katika ujazo huo huo. Wa magnesiamu nao ni gramu 2.5, na chumvi ya Epsomu ya duka la dawa inafaa.

La tatu ni muda. Kijitabu kinasema subiri dakika 2. Kwa magnesiamu au zinki ndani ya salfeti ya shaba, dakika 2 zinatosha: metali inavaa utando na rangi ya buluu inaanza kupauka. Lakini zinki ndani ya salfeti ya chuma ni ya polepole, na baada ya dakika 2 darasa zima litaandika "hakuna mmenyuko". Ipe dakika 15 hadi 20, kisha itoe zinki na uiweke kando ya kipande ambacho hakijatumika. Ile iliyotumika imefifia na kuwa nyeusi nyeusi. Zinki na chuma zimekaribiana kwenye orodha, na hapa hata rangi haikusaidii sana kwa kuwa kijani hafifu kinageuka kuwa kitu kisicho na rangi.

Kuna pia suala la shaba kuonekana nyeusi. Wanafunzi wanategemea rangi ya waya wa umeme, lakini shaba inayojikusanya haraka juu ya zinki au magnesiamu inatoka katika chembe ndogo mno, na chembe hizo zinaonekana nyeusi au kahawia iliyoiva. Wengine wanaandika kwamba kumetokea kaboni, wengine oksaidi. Juu ya msumari, ambako mambo huenda taratibu zaidi, rangi nyekundu ya shaba inaonekana waziwazi. Anza na huo. Na vipovu vinavyotoka kwenye magnesiamu ni hidrojeni, kwa sababu mimumunyo hii ina uasidi kidogo. Vipovu si ushahidi kwamba metali imeondolewa kwenye chumvi. Ushahidi ni utando na rangi.

Sehemu ya milinganyo ya maneno kwenye kijitabu imeandikwa kwa uangalifu. Inamtaka mwanafunzi ajiulize swali moja kabla ya kugusa kalamu: metali iliyo peke yake iko juu ya metali iliyo ndani ya chumvi? Kama haiko juu, anaandika "hakuna mmenyuko" na kuachia hapo. Kama iko juu, metali mbili zinabadilishana nafasi na sehemu ya pili ya chumvi haiguswi:

zinki + salfeti ya shaba → salfeti ya zinki + shaba

chuma + salfeti ya shaba → salfeti ya chuma (II) + shaba

shaba + naitreti ya fedha → naitreti ya shaba + fedha

Makosa ninayosahihisha mara kwa mara ni matatu. Kuna anayeunganisha kila kitu na kupata "salfeti ya zinki na shaba" upande wa kulia, bila metali yoyote iliyotoka. Kuna anayebadilisha salfeti kuwa salfaidi, jambo ambalo ni kosa la kemia na si la tahajia tu, maana salfaidi haina oksijeni. Na kuna anayeandika shaba + salfeti ya zinki → salfeti ya shaba + zinki kwa sababu umbo la mlinganyo linapendeza, ilhali shaba iko chini na haiwezi. Kwa chuma, kijitabu kinasisitiza ile (II), na kiko sahihi: chuma kinapoiondoa shaba hakitoi chumvi ya chuma (III).

Tatizo langu kubwa liko kwenye maswali ya mbele, pale kijitabu kinapoichukulia orodha kuwa inajibu kila kitu. Swali moja linauliza kitakachotokea sodiamu ikiwekwa kwenye mmumunyo wa salfeti ya shaba, na jibu lililochapwa ni "salfeti ya sodiamu na shaba". Kwenye maji sivyo. Sodiamu inayashambulia maji kwanza, inatoa hidrojeni na haidroksaidi ya sodiamu, na haidroksaidi hiyo inaiangusha shaba kama masimbi ya buluu ya haidroksaidi ya shaba. Potasiamu na kalsiamu nazo huanza na maji. Swali hilo lifutwe, na lisijaribiwe hata kwa utani.

Swali la alumini nalo linawaacha watu njia panda. Kwa orodha, alumini iko juu ya zinki, kwa hiyo inapaswa kuiondoa shaba kwa nguvu. Weka karatasi ya alumini ya jikoni kwenye salfeti ya shaba na utakaa ukiitazama bure, kwa kuwa ngozi ngumu ya oksaidi inaizuia. Tia chumvi ya mezani, kijiko kidogo kwa mililita 50, na ndani ya muda mfupi utaona shaba ikijikusanya, karatasi ikitoboka na mmumunyo ukipata joto. Kloraidi inaivunja ile ngozi. Jibu la kijitabu kwamba alumini huondoa shaba ni sahihi, ila kinamwacha mwanafunzi akiamini macho yake yamekosea.

Halafu kuna maswali ya metali zenye herufi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora zaidi. Mfano: P inaiondoa R, S inaiondoa P, na Q haiwezi kuiondoa R. Tunajua P iko juu ya R na S iko juu ya P. Wengi wanaliona sharti la tatu kuwa halina kazi kwa sababu hakuna kilichotokea, lakini kutotokea kwa kitu nako ni habari: kama Q haiiondoi R, basi Q iko chini ya R. Mpangilio ni S, P, R, Q, na hakuna mwingine.

Swali linalofuata lina sura hiyo hiyo, isipokuwa linasema Q haiwezi kuiondoa S. Jibu lililochapwa ni tena S, P, R, Q. Hapo kijitabu kimeteleza. Tunachojua ni kwamba Q iko chini ya S tu. Inaweza kuwa juu ya P, kati ya P na R, au chini ya R. Mipangilio mitatu inakubalika, na mwanafunzi aliyejibu "taarifa hazitoshi" ananyimwa alama aliyostahili. Mimi nimeongeza kwa kalamu: "ni jaribio gani moja lingefaa kufanywa kwanza?" Q kwenye chumvi ya P. Q ikiiondoa P, kazi imekwisha. Isipoiondoa, ijaribu kwenye chumvi ya R.

Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwalimu anayejua mambo haya atakitumia vizuri. Mzazi anayefuata majibu ya nyuma bila kuhoji atafundisha makosa mawili matatu. Chupa za mimumunyo zinatosha makundi sita hivi, na zikiisha hakuna haja ya kuagiza nyingine kwa muuzaji.

Mabaki ya mrututu msiyamwage kwenye karo wala bustanini. Shaba ni sumu kwa samaki na mimea. Yakusanye kwenye ndoo ya plastiki, utupie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu, na uache mpaka kesho yake. Buluu ikishatoweka yote, shaba imebaki kwenye nyuzi, na darasa linaweza kuandika mlinganyo wa ndoo hiyo.